Kuzipa majina sabuni na losheni zako za asili: jina litoke kwenye fomula

Maswali ni yaleyale kila mara. Nimeweka kijiko cha asali, naweza kuiita sabuni ya asali? Niandike kwamba inaondoa chunusi? Neno “asilia” nalitumia tu au lina masharti? Na wengi huuliza wakati lebo zimeshachapishwa na ziko mezani. Mwongozo huu ni wa kusoma kabla hujafika huko.

Nachukulia kwamba kutengeneza unajua. Hapa tunashughulika na jina la kila bidhaa na maneno yanayokaa pembeni yake. Jina la chapa yako, yaani lile la biashara nzima, ni habari nyingine na nitaligusa mara moja tu.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Fomula ya mwisho ya kila bidhaa, kwa gramu. Vijiko na vikombe havifai, kwa sababu huwezi kuvigeuza kuwa asilimia.
- Karatasi au lebo ya kila malighafi kutoka kwa aliyekuuzia, hasa za manukato, dondoo za mimea na unga wa alovera.
- Kanuni za vipodozi za mahali utakapouza. Masharti ya lugha, uzito na anwani kwenye lebo hutofautiana, na ni wewe wa kuyasoma.
- Kikokotoo, na kipande cha karatasi chenye ukubwa halisi wa lebo yako.

Kama fomula bado unaibadilisha kila wiki, subiri. Jina la kiambato ni ahadi, na huwezi kuahidi kitu ambacho wiki ijayo hutakiweka.

1. Geuza fomula kuwa asilimia

Tuchukue familia ndogo ya bidhaa mbili tutakayokwenda nayo hadi mwisho. Ya kwanza ni sabuni ya kipande. Mwenyewe anataka kuiita “Sabuni ya Manjano”. Fomula yake ni mafuta ya zeituni gramu 500, mafuta ya nazi 300, siagi ya shea 200, kostiki soda 140, maji 280, mafuta ya mchaichai yenye harufu 20 na unga wa manjano 10. Jumla ni gramu 1,450.

Ya pili ni losheni, na anataka kuiita “Losheni ya Alovera”. Katika gramu 1,000 kuna maji 640, juisi ya alovera 100, mafuta ya nazi 80, siagi ya shea 60, nta ya kuunganisha maji na mafuta 60, gliserini 40, kihifadhi 10, mafuta ya lavenda 5 na vitamini E 5.

Gawa kila uzito kwa jumla, zidisha kwa 100. Kwenye sabuni, shea inakuwa karibu asilimia 14, mchaichai 1.4, na manjano hayafiki hata asilimia 1. Kwenye losheni, alovera ni asilimia 10, nazi 8, shea 6.

Hapa ndipo watu wa sabuni hujichanganya. Sisi tumezoea kuhesabu kwa uzito wa mafuta peke yake, na kwa hesabu hiyo shea ni asilimia 20. Mteja hajui mazoea hayo. Akisoma “shea 20%” anaelewa kuwa sehemu moja ya tano ya kipande alichoshika ni shea. Kwa hiyo asilimia ya karakana ibaki karakana. Ukitaka kuandika namba kwenye lebo, iwe ya bidhaa nzima, na hata hiyo kwenye sabuni ningeiacha, kwa sababu maji huendelea kupungua kipande kinapokomaa na namba haitulii.

2. Pambanua kila kiambato kinafanya kazi gani

Weka viambato katika mafungu matatu. Kuna vya msingi, ambavyo bidhaa isingekuwepo bila hivyo. Kuna vinavyohisika: ukiviondoa, mtumiaji atagundua kwenye harufu, povu, rangi au ulaini. Na kuna vya kuonjesha tu, vilivyowekwa kwa sababu vinasikika vizuri.

Namna ya kugundua fungu la tatu ni rahisi kuliko unavyodhani. Tengeneza bechi ndogo mbili, moja ikiwa na kiambato hicho na nyingine bila, zipe namba, mpe mtu asiyejua ipi ni ipi aoshee mikono. Asipoona tofauti, kiambato hicho hakistahili kukaa mbele ya jina.

Alovera inahitaji jicho la pekee. Juisi nyingi za karakanani hutengenezwa kwa unga uliokolezwa mara 200: gramu 1 ya unga na gramu 199 za maji. Kama ndivyo, zile gramu 100 za alovera kwenye losheni yetu ni nusu gramu ya unga na maji yaliyobaki. Siyo udanganyifu kuiita juisi ya alovera, maana imerudishwa kwenye nguvu ya juisi ya kawaida. Ila mtu anayemwaga unga wa gramu 1 kwenye ndoo nzima ya losheni kisha akaandika “imejaa alovera” anajua anachofanya.

Na kuna jambo la shea ndani ya sabuni. Kostiki soda haichagui. Hula mafuta yote kwa pamoja, na ile asilimia 5 hivi ya mafuta tunayoyaacha bila kugeuka ni mchanganyiko wa yote. Shea ina sehemu isiyogeuka sabuni kubwa kuliko mafuta mengi, na hilo huchangia ulaini, lakini sehemu kubwa ya zile gramu 200 sasa ni sabuni. Unaweza kusema “imetengenezwa kwa shea”. Usiseme “ina asilimia 14 ya shea mbichi”.

3. Chagua ngazi ya jina

Mimi hutumia ngazi tatu, na ndizo zinazomaliza ubishi mwingi:

- “Sabuni ya X”: X ni cha msingi. Kwa mafuta na siagi, kipimo changu ni angalau theluthi ya mafuta yote, au mafuta mawili ya kwanza kwa wingi.
- “Sabuni yenye X”: X kinahisika, lakini si cha msingi.
- “Sabuni yenye harufu ya X”: X hakimo, au kimo kama manukato ya kiwandani tu.

Kipimo cha theluthi ni changu, sikukitoa kwenye sheria yoyote. Kinachotakiwa ni uwe na kipimo kimoja na ukitumie kwa bidhaa zote bila upendeleo.

Sasa tuweke bidhaa zetu. Losheni: mafuta yanayoongoza ni nazi na shea, nayo yanahisika mara tu unapoipaka. Alovera imo kwa kiasi cha haki lakini maji ni mengi mara sita kuliko yenyewe. Jina linakuwa “Losheni ya Nazi na Shea, yenye alovera”. Mwenye bidhaa hatafurahi, kwa kuwa alovera ndiyo inauza. Lakini jina hili linamwambia mnunuzi kuwa losheni ina mafuta, na yule mwenye ngozi inayotoa mafuta haraka ataiacha mapema badala ya kurudi kulalamika.

Sabuni ni ngumu zaidi. Kwa fomula ingekuwa “Sabuni ya Zeituni na Nazi”. Tatizo ni kwamba mtengenezaji mdogo kwa kawaida ana msingi mmoja wa mafuta kwa sabuni zake zote, halafu anabadilisha kiungo na harufu. Ukifuata msingi, sabuni tano zitakuwa na jina moja. Ufumbuzi wake ni mistari miwili. Mstari wa juu ubebe kinachotofautisha, kwa neno “yenye”: “Sabuni yenye Manjano na Mchaichai”. Mstari wa pili, kwa herufi zinazosomeka bila miwani, ubebe msingi: “Imetengenezwa kwa mafuta ya zeituni, nazi na shea”. Mstari huo wa pili unabaki uleule kwa sabuni zote, na baada ya muda wateja huutambua kama alama yako.

Haya si mambo ya kujitakia usafi tu. Kanuni za Marekani za lebo za vipodozi zinasema kuwa jina linalotaja kiambato kimoja au viwili kati ya vingi linaweza kuhesabiwa kuwa la kupotosha hata kama viambato vyote vimeorodheshwa kwingineko kwenye lebo. Orodha ya nyuma haisafishi jina la mbele.

Tahadhari ya matunda. Embe, stroberi, tikiti na nanasi hazikupi mafuta ya harufu kama mchaichai au lavenda zinavyokupa. Ukinunua “mafuta ya stroberi” yenye harufu kali, umenunua manukato ya kiwandani. Hakuna ubaya, ila jina ni “yenye harufu ya stroberi” na neno asilia haliwi jirani yake. Nazi nayo huwatega wengi: mafuta ya nazi yaliyosafishwa hayanukii, na yale mabichi harufu yake karibu yote hupotea ndani ya sabuni. Kipande kinachonukia nazi sana kimetiwa manukato.

Tahadhari ya rangi. Usitie rangi kwenye jina mpaka umeiona sabuni ikiwa na miezi kadhaa. Manjano hugeuka mekundu yakikutana na kostiki soda, kisha hutulia kwenye rangi ya chungwa au dhahabu, halafu mwanga wa dirishani huyafifisha. Unga wa majani ya kijani, mwarobaini ukiwemo, huingia kwenye sufuria ukiwa kijani na kutoka kwenye rafu ukiwa kahawia. Ukishachapisha “Dhahabu” au “Kijani Kibichi” utakuwa unaomba radhi kila bechi.

4. Andika kila sifa kwenye jedwali la ushahidi

Chora safu tatu: ninachotaka kusema, ninachoweza kuonyesha, ninachoandika. Safu ya kati ikiwa tupu, ya tatu nayo inabaki tupu.

Mfano kutoka kwenye losheni yetu. “Inalainisha ngozi kavu”: ina mafuta, ina gliserini, na watu walioijaribu walihisi hivyo. Andika. “Inalainisha kwa saa 24”: hujapima. Futa. “Inaondoa michirizi”: huna ushahidi, na unadai kubadilisha mwili. Futa. “Inakinga jua kwa sababu ya shea”: futa haraka, maana mtu atakwenda kuungua akikuamini. Kinga ya jua hupimwa maabara, haikisiwi kwa kuangalia mafuta.

Mpaka mkuu katika nchi nyingi ni huu: kipodozi husafisha, hulainisha, hunukisha na kupendezesha, dawa hutibu, huzuia ugonjwa au hubadilisha namna mwili unavyofanya kazi. Ukiandika “inatibu ukurutu”, “inaua fangasi” au “inaondoa chunusi”, umeitoa bidhaa yako kwenye rafu ya vipodozi na kuiingiza kwenye sheria za dawa, hata kama ndani hakuna kilichobadilika. Na jina lenyewe ni dai. “Sabuni ya Chunusi” ni dai la tiba lililoandikwa kwa herufi kubwa kuliko yote. Picha nayo ni dai: uso wenye vipele kushoto, uso mwororo kulia, na hujaandika neno.

Mwarobaini ndio unaowaponza watu wengi, kwa sababu msomaji tayari anaamini ni dawa. Andika “Sabuni yenye Mwarobaini” na uishie hapo.

Maneno manne yanahitaji maelezo kidogo:

*Asilia 100%.* Losheni yetu ina kihifadhi na nta ya kuunganisha; mara nyingi vyote viwili vimepitia kiwandani. Kostiki soda pia haichumwi mtini. Sema kilicho kweli: “mafuta yote ni ya mimea”. Hilo unaweza kulionyesha kwa fomula.

*Haina kemikali.* Maji ni kemikali. Sentensi hii haiwezi kuwa kweli kwa bidhaa yoyote.

*Haina kihifadhi.* Losheni yenye maji isiyo na kihifadhi huota ukungu na bakteria, na bakteria huanza kabla hujaona kitu. Vitamini E haizuii vijidudu; kazi yake ni kuchelewesha mafuta kuchacha. Kihifadhi kikiwemo, kitaje bila haya.

*Inafuata pH ya ngozi.* Uso wa ngozi una uchachu, kwa kawaida pH kati ya 4 na 6. Sabuni ya kweli iliyotengenezwa kwa mafuta na kostiki soda iko kwenye 9 hadi 10, na ukiishusha hadi ya ngozi inavunjika, haiwi sabuni tena. Dai hili linaweza kuwa la kweli kwa losheni uliyoipima. Kwa sabuni halitawahi.

Kuhusu “oganiki”, mahali pengi neno hilo linalindwa. Kuwa na mafuta ya nazi yenye cheti hakukupi haki ya kuita losheni nzima oganiki. Unaweza kuruhusiwa kulitaja kwenye orodha ya viambato, pembeni ya kiambato husika. Soma kanuni ya kwenu kabla hujaliweka mbele.

Umoja wa Ulaya, katika Kanuni namba 655 ya mwaka 2013, unataka madai ya vipodozi yawe halali, ya kweli, yenye ushahidi, yasiyokuza mambo, ya haki kwa washindani, na yanayomwezesha mnunuzi kuamua akiwa anaelewa. Hilo la haki kwa washindani husahaulika. “Sisi hatuweki sumu kama wengine” ni dai dhidi ya watu ambao hujaona fomula zao.

5. Hakiki jina kabla halijapendwa

Tafuta jina mtandaoni na kwenye daftari la alama za biashara la nchi yako, daraja la 3, ambalo ndilo la sabuni na vipodozi. Majina yanayoeleza tu kilichomo, kama “Shea na Manjano”, kwa kawaida hayasajiliki peke yake, kwa sababu kila mtu anahitaji kuyatumia. Hiyo ni bei ya majina ya viambato: jirani yako anaweza kuwa na jina lilelile. Kinachokutofautisha ni chapa, kwa hiyo sajili hiyo.

Kisha mpe mtu asiyekujua lebo tupu, bila bidhaa. Muulize maswali mawili: unadhani ndani mna nini kwa wingi, na unadhani itakufanyia nini? Usimsaidie. Akijibu “itaniondolea madoa” na wewe hujaandika hivyo, tafuta ni neno gani au picha gani iliyomwambia.

6. Linganisha jina na orodha ya viambato

Kanuni ya kawaida ni kuanza na kilicho kingi na kushuka. Vilivyo asilimia 1 au chini huweza kufuata mwishoni kwa mpangilio wowote. Mahali pengi hutakiwa yale majina ya kimataifa ya INCI, na unaweza kuongeza jina la Kiswahili pembeni ili msomaji wako apate kitu.

Weka kidole kwenye kila kiambato kilicho katika jina la mbele, kisha kitafute nyuma. Manjano yetu yako chini ya asilimia 1, yatakuwa mkiani, na kwa kuwa tumesema “yenye” na rangi inaonekana, sawa. Kama tungebaki na “Sabuni ya Manjano”, mteja anayegeuza kipande angeona kichwa cha jina kiko mkiani mwa orodha.

Mafuta ya mchaichai na lavenda, japo ni ya mimea, yana viambata vinavyowasha baadhi ya watu. Katika Umoja wa Ulaya viambata hivyo hutajwa kwa jina vikizidi asilimia 0.001 kwenye bidhaa inayobaki mwilini na 0.01 kwenye ya kuoshwa. Kwa hiyo “asilia, haina madhara kwa ngozi yoyote” nayo ifutwe.

Mambo yakienda kombo

*Shea imeadimika na umebadilisha kwa siagi nyingine.* Jina na mstari wa msingi si vya kweli tena, hata kama sabuni inafanana. Chapisha lebo nyingine, au bandika kibandiko kinachofunika neno. Ukijua kiambato chako hukatika mara kwa mara, usikiweke kwenye jina tangu mwanzo.

*Mteja anauliza kwa nini kuna kostiki soda kwenye orodha.* Mjibu kuwa bila hiyo hakuna sabuni, na kwamba kwenye kipande kilichopimwa vizuri na kukomaa imeshageuka yote. Unaweza kuorodhesha ulivyoweka kwenye sufuria au vilivyotokea baada ya kugeuka, kadiri kanuni za kwenu zinavyoruhusu, lakini usichanganye njia mbili kwenye lebo moja. Na usiandike “haina kostiki soda” kwa sababu tu umenunua sabuni ya kuyeyusha. Huko iliwekwa kiwandani.

*Harufu ya mchaichai imepotea kabla sabuni haijauzwa.* Kama kilichobaki ni manjano, “Manjano na Mchaichai” ni jina la nusu. Nusa kipande cha bechi ya zamani kila unapotengeneza mpya. Kikiwa kimya, ongeza mafuta ndani ya kiwango salama alichoandika muuzaji, au ondoa mchaichai kwenye jina.

*Jina halienei kwenye lebo.* Punguza viambato hadi viwili. Usipunguze “yenye harufu ya” ili kupata nafasi.

*Mteja ameandika kwamba losheni yako imemponya ukurutu, na unatamani kuichapisha.* Mshukuru, usiichapishe. Maneno yake yakikaa kwenye ukurasa wako wa mauzo yanahesabiwa kuwa yako.

*Duka linataka uandike “ya mitishamba ya tiba” ndipo lichukue mzigo.* Peleka lebo uliyonayo pamoja na jedwali la hatua ya 4. Wakikataa, uza kwingine. Faini ikija itakuja kwa jina lililo kwenye lebo, na jina hilo ni lako.